Ruwaza ya ukuta inayofuata pembe ya jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mfano wa Mbeya

Maswali haya ni yale ambayo wachoraji wenzangu na wanafunzi wa usanifu hunirudia nayo kila mara, mengine kwa maneno yaleyale. Nimeyajibu kwa mfano mmoja tu ili hesabu zifuatane. Mfano wenyewe ni jengo la kona pale Mwanjelwa, ghorofa moja, duka chini na ofisi juu. Ukuta wake wa upande wa barabara ni robo ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 8, kwa hiyo urefu wake ni kama mita 12.6, na kimo ni mita 6. Mwanzo wa ukuta unatazama nyuzi 210 (kusini-magharibi), mwisho unatazama nyuzi 300 (magharibi ikielekea kaskazini). Nyuzi hizi zote zinahesabiwa kutoka kaskazini kwenda mashariki. Ukuta unajengwa kwa matofali ya matundu yenye unene wa inchi sita, yaani sentimita 15.

## Misingi

1. Ukisema ruwaza ni ya parametriki, una maana gani?

Maana yake huchori tundu, unaandika kanuni ya tundu. Kwenye ukuta wetu kuna matofali 720. Ukiyachora moja moja, mteja akisema "sogeza jengo kidogo liangalie njia panda," umeanza upya. Ukiandika kanuni kwamba kimo cha tundu kinatokana na jua la saa fulani na upande ambao tofali linatazama, unageuza ukuta na matofali yote 720 yanajipanga yenyewe.

Kanuni hiyo huandikwi kwa mistari ya msimbo. Unaiunda kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya. Kila kisanduku (sisi tunaviita nodi) hupokea kitu upande wa kushoto na kutoa jibu upande wa kulia.

2. Nahitaji programu gani?

Majibu haya yanatumia Grasshopper, ambayo tangu Rhino 6 ya mwaka 2018 inakuja ndani ya Rhino yenyewe. Juu yake unaongeza Ladybug Tools, ambayo ni bure, kwa ajili ya mahesabu ya jua. Rhino yenyewe inalipiwa, lakini kuna toleo la majaribio la siku 90 linalofanya kila kitu. Siku zikiisha haihifadhi tena kazi, kwa hiyo usianze kulitumia wiki ambayo mradi bado haujaeleweka.

Anayefanya kazi kwenye Revit anaweza kupata matokeo yaleyale kwa Dynamo. Majina ya nodi ni tofauti, hesabu ya swali la 9 haibadiliki.

3. "Inayofuata jua" maana yake matofali yanazunguka?

Hapana. Hapa tunazungumzia ukuta uliotulia, ambao umbo lake limeamuliwa na jua kabla ya kujengwa. Kuta zinazojisogeza zipo. Jengo la Institut du Monde Arabe mjini Paris, lililofunguliwa 1987, lilipewa vifuniko vya chuma vinavyojifungua na kujifunga kwa mwanga, na kwa miaka mingi vingi vyake vilikuwa vimekwama. Kama Paris vinakwama, sina hamu ya kumwachia mwenye duka la Mwanjelwa injini 720.

## Jua la Nyanda za Juu Kusini

4. Jua la Mbeya linapita upande gani?

Mbeya iko kama nyuzi 8.9 kusini ya ikweta. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi. Kati ya Februari na Oktoba linapita kaskazini, na tarehe 21 Juni adhuhuri linafika kimo cha nyuzi 58 tu. Kati ya Oktoba na Februari linapita kusini, na Desemba halishuki chini ya nyuzi 75 wakati wa adhuhuri.

Kwa ukuta wa magharibi, adhuhuri haina shida. Shida ni saa kumi alasiri, jua linapoingia kwa ubavu. Saa hiyo mwezi Juni jua liko nyuzi 306 na kimo cha 33. Oktoba liko nyuzi 266, karibu magharibi kabisa, kimo cha 39. Desemba liko nyuzi 247, kimo cha 41. Ndani ya nusu mwaka limehama nyuzi 60 likiwa kwenye saa ileile ya ukutani. Uhamaji huo ndio unaoifanya kazi hii iwe na maana.

5. Nimeweka saa 10 lakini jua limetokea mashariki. Nimekosea wapi?

Umeandika saa yetu, programu inasoma saa ya kuanzia usiku wa manane. Saa kumi alasiri ni `16`. Ukiandika `10` unapata saa nne asubuhi, jua liko mashariki, na ukuta wako wa magharibi uko kivulini. Kosa hili halitoi onyo lolote kwa sababu `10` ni saa halali. Usiposhtukia upande wa jua, utagundua matundu yote yametoka na kimo cha juu kabisa (soma pia swali la 11).

6. Kwa nini saa sita kamili jua halijafika katikati?

Kwa sababu saa ya Tanzania inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mbeya iko nyuzi 33.45. Kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo Mbeya inachelewa dakika 46. Adhuhuri halisi huangukia karibu na saa 6:46, ikicheza robo saa hivi mbele au nyuma kulingana na mwezi. Oktoba 15 ni kama saa 6:32. Iringa iko mashariki zaidi, wastani wake ni kama saa 6:37.

Ukitaka kuhakiki modeli yako bila kifaa chochote, angalia ratiba ya swala ya msikiti wa mtaani. Wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka tu. Ratiba ya Mbeya iko nyuma ya ile ya Dar es Salaam kwa dakika 23 hivi. Modeli yako ikikubaliana na ya Dar, umeingiza longitudo ya Dar.

7. Ni lazima niwe na faili la hali ya hewa?

Kwa pembe ya jua, hapana. Mahali jua lilipo ni suala la latitudo, longitudo, tarehe na saa. Nodi ya `LB Construct Location` inatosha. Weka latitudo `-8.9`, longitudo `33.45`, ukanda wa saa `3`.

Alama ya kutoa kwenye latitudo isisahaulike. Ukiisahau umehamia kaskazini ya ikweta. Dalili ni kwamba adhuhuri ya Machi 21 kivuli chako kinalala kaskazini, wakati mtu yeyote aliyesimama uwanjani Mbeya siku hiyo anakiona kimelala kusini.

Faili la hali ya hewa unalihitaji ukitaka kiasi cha joto au mionzi. Hapo usiazime la Dar es Salaam kwa kisingizio kwamba ni nchi moja. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, watu wanavaa makoti Juni.

## Kuunganisha nodi

8. Mtandao mzima unaanzia wapi na kuishia wapi?

Kuna mikondo miwili inayokutana katikati, wa jua na wa ukuta.

Mkondo wa jua ni mfupi. `LB Calculate HOY` inapokea mwezi 10, siku 15, saa 16, na kutoa namba ya saa ya mwaka, ambayo ni 6904. Namba hiyo na mahali ulipotengeneza vinaingia `LB SunPath`. Kwenye tundu la `vectors` unapata mshale wa jua. Mshale huo unaelekea chini, kutoka juani kuja ardhini. Upitishe kwenye `Reverse` ili uelekee juani.

Mkondo wa ukuta unaanza na tao la robo duara lililovutwa juu mita 6. Hakikisha kaskazini ya mchoro iko kwenye mhimili wa Y. Bofya kulia kwenye kisanduku cha `Surface` uchague `Reparameterize`, kisha `Divide Domain²` kwa 30 na 24, na `Isotrim` ikate ukuta vipande 720. Kila kipande kina upana wa sentimita 42 na kimo cha 25. Vikitoka vipana zaidi na vifupi, namba hizo mbili zimebadilishana nafasi. Vipande navyo vipitie `Surface` nyingine yenye `Reparameterize`. Halafu `Evaluate Surface` kwenye 0.5 na 0.5 inakupa kitovu cha kila kipande na mshale unaotoka nje ya ukuta pale.

Mikondo inakutana kwenye `Dot Product` kati ya mshale wa jua na mshale wa ukuta, ikifuatiwa na `Expression` ya swali la 9. Jibu lake ni kimo cha tundu. Mwisho unachora `Rectangle` kwenye kila kitovu, upana sentimita 34 na kimo hicho ulichopata, unaisukuma ndani sentimita 15.

Fanya kazi yote kwa kipimo kimoja. Kama faili la Rhino liko kwenye mita, unene ni `0.15`. Ukiandika `15` umejenga ngome.

9. Hesabu ya kimo cha tundu inatoka wapi?

Fikiria miale ya jua inagusa ukingo wa juu wa tundu upande wa nje, inashuka ikiingia ndani. Ikipita unene wote wa tofali imeshuka kiasi fulani. Kama kimo cha tundu hakizidi kiasi hicho, miale inagonga sakafu ya tundu na haifiki chumbani. Kwa hiyo kimo kikubwa kinachoruhusiwa ni sawasawa na mshuko huo.

Vitabu vinakupa mshuko kwa tanjenti za kimo cha jua na kosaini ya tofauti ya pande. Ukiwa na mishale huhitaji pembe hata moja. Mshuko ni unene mara sehemu ya wima ya mshale wa jua, gawanya kwa `Dot Product`:

```
If(p > 0.01, Min(0.21, 0.15*z/p), 0.21)
```

Hapa `z` ni sehemu ya wima ya mshale wa jua (itoe kwa `Deconstruct Vector`) na `p` ni jibu la `Dot Product`. Kama `p` ni sifuri au chini ya hapo, jua liko nyuma ya ukuta na tundu linaruhusiwa kufika kikomo. Kikomo ni sentimita 21 kwa sababu mstari wa tofali ni 25 na nataka 4 za zege zibaki.

Tuhesabu tofali moja kwa mkono. Linatazama nyuzi 266, jua la saa kumi Oktoba 15 liko mbele yake kabisa, kimo nyuzi 38.7. Mshuko ni 15 × 0.80, yaani sentimita 12. Tofali la safu ya kwanza ya wima, linalotazama nyuzi 211.5, linaliona jua kwa ubavu wa nyuzi 54.5. Kosaini yake ni 0.58, na 12 ÷ 0.58 ni karibu 20.7. Safu ya mwisho, nyuzi 298.5, inapata 14.2. Ukiwa barabarani unaona matundu marefu upande wa kulia, yanabana katikati, yanafunguka kidogo kushoto.

Upana wa tundu haumo kwenye hesabu. Miale ikishazuiwa kwa kimo, haina njia nyingine ya kuingia.

10. Kwenye video wanapata ruwaza inayobadilika kama wimbi hata kwenye ukuta ulionyooka. Mbona wangu umetoka sare?

Wako ndio sahihi. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye upotoshaji mwingi.

`LB SunPath` inachora jua kama kipira kidogo kwenye duara kuzunguka jengo. Watu wengi wanachukua kitovu cha kipira hicho, wanapima umbali kutoka kwake hadi kila tofali, halafu umbali ndio unaoamua tundu. Inatoka nakshi nzuri ajabu, matundu madogo karibu na kipira na makubwa mbali. Lakini kipira kile ni kielelezo, kimewekwa mita kadhaa kutoka jengoni ili kionekane kwenye skrini. Jua halisi liko kilomita milioni 150 hivi. Tofauti ya umbali kati ya tofali la kwanza na la mwisho haina uzito wowote, na miale inafika ikiwa sambamba. Ukuta ulionyooka unapokea pembe ileile kila mahali, kwa hiyo kila tofali linastahili tundu lilelile.

Kipimo chepesi cha kujua kama umeingia mtego huu ni kubadilisha ukubwa wa duara la jua kwenye tundu la `_scale_`. Ruwaza ikibadilika, ilikuwa inafuata kipira. Ikibaki vilevile, inafuata jua.

Tofauti za kweli zinatoka sehemu tatu tu. Ya kwanza ni ukuta kupinda, kama wetu. Ya pili ni kitu kinachoweka kivuli sehemu fulani, kama jengo la jirani. Ya tatu, ambayo wachoraji huisahau, ni aliyeko nyuma ya ukuta. Ngazi haihitaji ulinzi wa saa kumi, meza ya mhasibu inauhitaji. Mpe kila mstari au safu saa yake ya kulindwa na ruwaza itatoka hata kwenye ukuta ulionyooka, na utaweza kuitetea mbele ya mteja.

## Mambo yanapokwama

11. Matundu yote yametoka sentimita 21. Au yametoka hasi.

Angalia mishale miwili. Mmoja kati yake ukiwa umegeuka, `p` inakuwa hasi kila mahali na kanuni inaamini jua liko nyuma ya ukuta. Matundu yote yanafika kikomo. Mshale wa jua hugeuka ukisahau `Reverse`. Wa ukuta hugeuka kutegemea upande uliochora tao. Ukichora kutoka kulia kwenda kushoto, unaweza kuelekea ndani ya chumba. Tumia `Vector Display` uuone kwa macho, kisha `Flip`.

Yote miwili ikiwa imegeuka, `p` inarudi kuwa chanya lakini `z` ni hasi, na unapata vimo hasi. Wengine hapa wanaweka `Absolute` na kuendelea. Namba zitakuwa sahihi kwa bahati, ila siku ukuta ukigeuzwa hutajua kilichoharibika.

Kama mishale iko sawa na bado ni 21, rudi swali la 5.

12. Nikitaka kuzingatia tarehe kadhaa badala ya moja?

Unganisha namba kadhaa za saa kwenye `LB SunPath`, kisha weka `Graft` kwenye mishale ya ukuta ili kila tofali likutane na kila jua. Bila `Graft`, tofali la kwanza linachukua jua la kwanza, la pili jua la pili, na 718 yaliyobaki yanang'ang'ania la mwisho. Hesabu itapita bila rangi nyekundu wala ya chungwa. Weka `Panel` uangalie. Unatakiwa kuona matawi 720, kila moja na majibu sawa na idadi ya majua. Halafu `Sort List`, na `List Item` ya 0 inachukua kimo kidogo kuliko vyote.

Kuwa makini na saa za usiku. `LB SunPath` inaziacha zilizo chini ya upeo wa macho, na orodha ya majua inatoka fupi kuliko ya saa ulizoingiza.

Sasa matokeo. Nikiongeza Desemba 21 saa kumi juu ya Oktoba, safu ya kwanza inashuka kutoka 20.7 hadi 15.9, kwa sababu jua limehamia kusini na linaitazama zaidi. Kadiri unavyoongeza tarehe, ukuta unazidi kuwa sare. Mchoraji huumia hapo. Mimi kwa mradi huu niliacha Oktoba peke yake kwa mchoro wa kwanza, kwa hoja kwamba Desemba huku ni mvua na mawingu ya alasiri, wakati Oktoba ni ukavu na jua kali. Ila mwenye duka akikuuliza Desemba kuna jua au hakuna, usimdanganye. Safu ya kwanza ikiwa na tundu la sentimita 20, sehemu moja ya tano ya tundu itapitisha jua siku ambayo mawingu hayapo.

13. Nichague saa kumi au saa kumi na moja?

Inategemea saa ya kufunga. Oktoba saa kumi na moja jua limeshuka hadi nyuzi 24 na mshuko kwenye tofali ni sentimita 6.7 tu. Ukilinda saa hiyo matundu ya katikati yanapungua karibu nusu, na chumba kinaanza kuwasha taa mchana. Ukilinda saa kumi, basi ikifika kumi na moja tundu la 12 linapitisha jua kwa asilimia 45 hivi ya kimo chake. Kwa ofisi inayofunga saa kumi na nusu nachagua saa kumi. Kwa chumba cha kulala ningefikiria tofali nene zaidi kabla ya kubana tundu.

## Kutoka skrini hadi kwa fundi

14. Fundi atafyatua vipi matofali 720 tofauti?

Hayako 720. Ukuta umesimama wima, kwa hiyo matofali yote 24 ya safu moja yana jibu moja. Ziko safu 30. Kisha unazipunguza kwa kushusha kila kimo hadi sentimita shufwa iliyo chini yake. Mstari huu unadhani `h` imeshabadilishwa kuwa sentimita:

```
Floor(h/2)*2
```

Unashusha, hupandishi, kwa sababu kupandisha kunaingiza jua. Kwa Oktoba pekee zinabaki kalibu tano. Ya sentimita 12 inatoa matofali 504 (safu 21), ya 14 inatoa 96, ya 16 na ya 18 zinatoa 48 kila moja, na ya 20 inatoa 24. Kalibu ya matofali 24 ni hasara, hivyo safu hiyo nayo niliishusha hadi 18. Ukiongeza Desemba kama kwenye swali la 12, zinabaki kalibu mbili tu, 576 za sentimita 12 na 144 za 14. Bei ya kalibu huwa inamaliza mjadala ambao nadharia haikuumaliza.

Mpe fundi karatasi moja yenye safu zilizopewa namba kutoka kulia, ukisimama barabarani, na kimo cha tundu chini ya kila namba. Usimpe picha ya pande tatu ya kuvutia. Atapima kutoka kwenye picha.

15. Mvua je?

Sakafu ya tundu iinamishwe kuelekea nje. Hilo halivurugi kivuli mradi kimo kipimwe kwenye ukingo wa ndani, kwa sababu ukingo huo ndio wa mwisho miale kuugonga. Fundi akipima kwa nje na kuinamisha, ukingo wa ndani unapanda na tundu linakuwa dogo kuliko ulivyokusudia.

16. Nitahakiki vipi kabla ya kujenga, na Oktoba bado iko mbali?

Huhitaji Oktoba, unahitaji kimo chake cha jua. Simamisha kijiti cha mita 1 kwenye ardhi iliyo sawa, usubiri kivuli chake kifike mita 1.25. Wakati huo jua liko nyuzi 38.7, mwezi wowote. Shika tofali la mfano lenye tundu la sentimita 12 liangalie jua moja kwa moja. Mstari wa mwanga unatakiwa uishie ukingoni mwa ndani. Ukimwagika ndani, kalibu imetoka kubwa au tofali ni jembamba kuliko inchi sita, jambo ambalo si geni.

Usihakiki kwa modeli ya karatasi na taa ya mezani. Taa iko karibu, miale yake inatawanyika, nawe umerudi kwenye kipira cha swali la 10.

17. Nilipima upande wa ukuta kwa dira ya simu. Inatosha?

Mimi iliniponza. Nilisimama kando ya uzio wa mabati, nikapata upande uliokosea kwa nyuzi zaidi ya kumi, na sikugundua hadi nilipolinganisha na picha ya setilaiti. Kosa la nyuzi kumi kwenye safu ya kwanza linashusha tundu kutoka 20.7 hadi karibu 17. Pima upande wa kiwanja kwenye picha ya setilaiti au kwenye ramani ya upimaji, dira iwe ya kuthibitisha tu.

## Hali za pembeni

18. Juni kuna baridi. Ukuta huu hautazuia jua tunalolihitaji?

Hautalizuia lote, na hii ndiyo zawadi ya kulinda Oktoba. Juni saa kumi jua liko chini zaidi na limehamia nyuzi 306, mbele ya mwisho wa ukuta. Mshuko pale ni sentimita 9.8. Tundu la 14 linapitisha jua kwa asilimia 30 ya kimo chake, na yale ya 12 jirani yake kwa asilimia 18 hivi. Ukitaka zaidi, usiingize Juni kwenye orodha ya swali la 12. Nimeona watu wakichagua "tarehe zote za mwaka" kwa kuhofia kukosea, halafu ofisi inawasha hita saa nne asubuhi hadi jioni.

19. Ukuta ukiwa umelala kidogo, si wima?

Hesabu ya swali la 9 inadhani wima. Kwa ukuta uliolala, badala ya `z` weka `Dot Product` ya mshale wa jua na mshale wa "juu" unaofuata mlalo wa ukuta wenyewe, ambao unaupata kwenye fremu ya `Evaluate Surface`. Kwenye ukuta wima majibu mawili yanalingana, na hiyo ni njia nzuri ya kujua kama umechukua mhimili sahihi wa fremu.

20. Mlima au jengo la jirani likificha jua?

Toa mstari kutoka kila kitovu kuelekea juani, angalia kama unagonga kitu. Nodi ya `Mesh Ray` inafanya hivyo, nayo inapokea mshale uliogeuzwa tayari. Unapogonga, tofali hilo lipewe kikomo cha 21. Kwa mlima huhitaji kuuchora. Simama kiwanjani, pima pembe ya ukingo wake kwa simu, na kama jua la saa unayolinda liko juu ya pembe hiyo, mlima haukusaidii. Jengo la jirani lichore, lakini kwanza uliza kama ni la kudumu. Kibanda cha mabati kinaweza kuondoka kabla ukuta wako haujakauka.